Nguo chini ya jiwe: kanuni za kugeuka mbwamwitu na maana ya laana

"Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, inayotokea Ulaya katika karne ya 12. Mhusika wangu ni bwana mwema mwenye mke, ardhi na mkuu anayemtumikia. Aling'atwa na mbwamwitu, na tangu hapo kila mwezi mpevu anageuka, mpaka anapouawa kwa risasi ya fedha. Mwenzangu mmoja anasema kanuni hizo ni za sinema tu; mwingine anasema chanzo cha hadithi hizi ni ugonjwa wa kweli. Mimi kila nikisoma nakuta kanuni nyingine. Ipi ndiyo sahihi, na hiyo laana ina maana gani hasa?"

Ndugu msomaji,

Mwenzako wa kwanza amesema kweli kwa sehemu kubwa. Risasi ndiyo ya kuondoa mapema, kwa sababu katika karne ya 12 bunduki zilikuwa bado hazijafika Ulaya. Kung'atwa na mwezi mpevu havina kikwazo cha namna hiyo, na mtunzi ana uhuru wake. Lakini kama ungemsimulia kisa chako mtu wa zama hizo, angekuuliza maswali ambayo rasimu yako haina majibu yake. Angetaka kujua bwana huyo huvua nguo zake wapi, nani anapafahamu mahali hapo, na kama akiwa mnyama aliwahi kula nyama ya binadamu. Hayo ndiyo yaliyokuwa kanuni kwa karne nyingi, kabla kalenda ya mwezi haijachukua nafasi yake.

Kanuni moja sahihi haipo, kwa kuwa hadithi hizi hazikutoka katika kitabu kimoja wala dini moja. Hata hivyo, haina maana kwamba kila msimulizi alijibunia tu. Kanuni ya kugeuka ni mahali ambapo hadithi inatoa hukumu yake: inasema kosa ni la nani, nini kinabaki cha utu ndani ya mnyama, na kwa sharti gani mtu anaweza kurudi. Mimi hupenda kuanza na hilo la mwisho. Watu wengi huuliza mtu anageukaje kuwa mbwamwitu, ilhali hadithi za kale zinashughulika zaidi na namna anavyorudi kuwa mtu, na hapo ndipo maana ya laana inapoonekana waziwazi.

Tuanzie Arkadia, nchi ya milima kusini mwa Ugiriki, penye mlima Likaio ambako watu walimtolea sadaka Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Kisa mashuhuri cha huko ni cha mfalme Likaoni, aliyemwandalia mungu chakula cha nyama ya binadamu ili kumjaribu. Mshairi wa Kirumi Ovidio anaeleza adhabu yake kwa makini: nguo zinageuka manyoya, mikono inakuwa miguu, anajaribu kusema na sauti inatoka kama mlio wa mnyama. Lakini mvi ni zilezile, ukali wa uso ni uleule, na macho yanang'aa vilevile. Kwa Ovidio, mageuzi hayamfanyi Likaoni kuwa kitu kipya, bali yanamvua kile kilichokuwa kimeficha alivyo. Ndiyo maana katika kisa hicho hakuna njia ya kurudi: kama alikuwa mbwamwitu tangu mwanzo, hana umbo jingine la kurudia.

Katika mlima huohuo, hata hivyo, ilisimuliwa kanuni nyingine yenye huruma zaidi. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anaipokea kutoka kwa mwandishi wa Kigiriki, ingawa yeye mwenyewe haamini na anasema hivyo bila kuficha. Mtu mmoja wa ukoo fulani huchaguliwa kwa kura na kupelekwa kwenye ziwa dogo. Anavua nguo zake, anazitundika kwenye mti wa mwaloni, anaogelea hadi ng'ambo, kisha anaingia nyikani na kuwa mbwamwitu miongoni mwa mbwamwitu wengine kwa miaka 9. Iwapo katika miaka hiyo yote hakugusa nyama ya mtu, anarudi kwenye ziwa lilelile, analivuka tena, na umbo lake linarejea, isipokuwa amezeeka kwa miaka 9. Pausania, aliyeandika juu ya Ugiriki katika karne ya 2, anataja sharti hilohilo na kuongeza upande wake wa pili: aliyeonja nyama ya mtu hubaki mnyama milele.

Tazama jinsi kanuni hii inavyobadilisha maana. Mtu huyu hakutenda kosa. Kura ndiyo iliyomwangukia. Hakung'atwa wala hakulaaniwa na yeyote. Anaondoka katika jamii kwa utaratibu unaojulikana, na jaribu lake halipo katika kugeuka, bali katika kujizuia akiwa amegeuka. Wataalamu kadhaa wa dini za Wagiriki wameona hapa kumbukumbu ya desturi ya kuwatoa vijana nje ya mji na kuwarudisha wakiwa watu wazima, na msomaji aliyekulia penye jando hatashangazwa na wazo la kijana kuvuliwa nguo za zamani, kukaa porini kwa muda uliowekwa na kurudi akiwa na hadhi nyingine. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi kwenye madhabahu ya majivu juu ya mlima Likaio walikuta mifupa ya kijana wa karne ya 11 kabla ya Kristo. Magazeti yalikimbilia kutangaza kafara ya binadamu. Mifupa yenyewe haithibitishi hilo. Inaonyesha tu kwamba kijana mmoja alizikwa mahali pasipo pa kawaida kuzikia, na nakusihi usiibebeshe zaidi ya hapo katika riwaya yako.

Nguo zinaonekana tena kwa Petronio, pia wa karne ya 1, katika kisa kinachosimuliwa mezani na mtumwa aliyeachwa huru. Msimulizi anasafiri usiku na askari mmoja, na mwezi unaangaza kama mchana. Wanapofika makaburini, askari anavua nguo zote, anakojoa kuzizunguka, kisha anageuka mbwamwitu na kukimbilia msituni. Msimulizi anapojaribu kuziokota, nguo zimekuwa mawe. Baadaye anasikia kwamba mbwamwitu ameingia katika shamba na kuua mifugo, na kwamba mtumwa mmoja amemchoma mkuki shingoni. Anaporudi nyumbani anamkuta askari kitandani, daktari akimtibu shingo. Mwezi upo hapa, naam, ila kazi yake ni ya taa tu. Hakuna panaposemwa kwamba askari alilazimika kugeuka kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu. Kinacholindwa kwa uganga ni nguo, kwa kuwa bila hizo hawezi kurudi.

Sasa nifikie kisa kinachokuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ni cha karne yako na mhusika wake ni bwana mwema kama wako. Ni shairi la Marie de France, mshairi wa kike aliyeandika kwa Kifaransa, liitwalo Bisclavret. Anaanza kwa kukumbusha kwamba mtu-mbwamwitu ni mnyama mkali anayekula watu na kuzurura katika misitu mikubwa, kisha analiacha jambo hilo papo hapo na kumsimulia mtu tofauti kabisa.

Bwana huyu wa Bretania, jimbo la magharibi mwa Ufaransa, anapendwa na mfalme wake na majirani zake. Kila juma anatoweka siku 3, na mke wake hajui aendako. Mke anambembeleza mpaka anasema: anageuka, anaingia msituni, anaishi kwa mawindo. Mke hamwulizi kwa nini, wala lini ilianza. Anamwuliza kama huenda akiwa amevaa au uchi. Anajibu kwamba huenda uchi. Basi nguo anaziweka wapi? Hapo mume anakataa, akisema kwamba zikipotea atabaki mbwamwitu mpaka zirudishwe. Hatimaye anashindwa na kuitaja siri: karibu na njia, penye kikanisa cha kale, chini ya kichaka kuna jiwe pana lenye uwazi ndani yake, na humo ndimo anamoziweka.

Mke anaingiwa na hofu na hataki tena kulala naye. Anamwita askari mpanda farasi ambaye alikuwa akimtaka kwa muda mrefu, anamwelekeza mahali pale, na nguo zinachukuliwa. Mume haonekani tena, watu wanamtafuta kisha wanakata tamaa, na mke anaolewa na yule askari.

Baada ya mwaka mzima mfalme anakwenda kuwinda katika msitu huo. Mbwa wanamkimbiza mbwamwitu mchana kutwa mpaka anakaribia kushikwa. Anapomwona mfalme, anamkimbilia, anashika kikuku cha tandiko lake na kumbusu mguu. Mfalme anaogopa kwanza, kisha anawaita wenzake waone: mnyama huyu ana akili ya mtu, anaomba rehema. Anamchukua nyumbani, na mbwamwitu analala miongoni mwa mabwana, mpole, asimdhuru mtu. Siku yule askari anapofika kwenye karamu ya mfalme, mbwamwitu anamrukia kwa meno, na watu wa nyumba wanasema kwamba bila shaka ana sababu. Kisha mke naye anakuja kumletea mfalme zawadi, na mnyama anamng'oa pua.

Watu wanataka kumkatakata, lakini mzee mmoja mwenye busara anamsihi mfalme afikiri: mnyama huyu hajawahi kumgusa mtu mwingine yeyote, na mwanamke huyu ndiye aliyekuwa mke wa bwana aliyepotea. Mke anateswa na kukiri. Nguo zinaletwa na kuwekwa mbele ya mbwamwitu. Naye hazitazami. Mzee anaeleza tena kwamba hawezi kufanya jambo hilo mbele za watu, kwa kuwa ni aibu kubwa. Mpelekeni chumbani pamoja na nguo zake, mfunge mlango, mumwache. Baada ya muda mfalme anaingia na mabwana wawili, na anamkuta bwana wake amelala juu ya kitanda cha mfalme.

Nimekisimulia kwa urefu kwa sababu karibu kila swali lako limejibiwa humo. Laana yenyewe haielezwi chanzo chake hata kwa mstari mmoja. Marie hajali alipataje hali hiyo. Anatujulisha tu kuwa ipo, kama vile mtu alivyo na siri nyumbani. Kinachomfanya mbwamwitu wa kudumu ni kuibiwa njia ya kurudi, na aliyeiiba ni mtu aliyeaminiwa. Nguo katika jamii ile zilikuwa cheo, ukoo na haki ya kuketi mezani. Asiye nazo hana jina. Sheria za Uingereza za zama hizo zilisema kwamba mtu aliyetupwa nje ya ulinzi wa sheria amebeba kichwa cha mbwamwitu, yaani yeyote aweza kumwua kama anavyoua mbwamwitu. Bwana wa Marie amepoteza mke, ardhi na jina, na mbwa wa mfalme wanamfuata. Kumbusu mfalme mguu ni tendo la bwana kwa mkuu wake, na kwa tendo hilo moja anadai hadhi yake bila kutamka neno.

Tena, aibu yake mbele ya nguo ndiyo alama ya mwisho ya utu. Mnyama hana haya ya kuvua wala kuvaa mbele za watu. Kwa maoni yangu hapo ndipo shairi zima linapofikia kilele chake, kuliko hata pale pua inapong'olewa.

Wakati huohuo, mwishoni mwa karne ya 12, Gerald wa Wales aliandika juu ya watu wa Osori huko Ayalandi. Padri aliyekuwa safarini alisogelewa usiku na mbwamwitu aliyesema naye kwa lugha ya watu. Alimweleza kwamba kwa laana ya abati mtakatifu mmoja, kila baada ya miaka 7 mwanamume na mwanamke wa jamii yao hulazimika kuvaa umbo la mbwamwitu na kuhama, na wakinusurika miaka hiyo hurudi na wengine wawili huchukua nafasi yao. Mwenzake alikuwa mahututi na alihitaji sakramenti. Padri akasita, na mbwamwitu akaivuta ngozi ya mwenzake kutoka kichwani hadi kitovuni, akaikunja, na chini yake akaonekana mwanamke mzee. Padri akampa sakramenti. Hapa ngozi ya mnyama ndiyo vazi na mwili wa mtu umo ndani mzima, jambo lililowafaa sana watu wa Kanisa, kwa kuwa mafundisho yalishikilia kwamba ni Mungu peke yake awezaye kubadili kiumbe kuwa kingine.

Baada ya hapo kanuni inageuzwa juu chini, na nakuomba uone jinsi ilivyo, maana ndiko kulikotoka picha nyingi tulizo nazo leo. Katika kesi za karne ya 16 na 17 mshtakiwa havui kitu, anavaa. Mwaka 1589, karibu na Bedburg katika Ujerumani, Peter Stumpp alikiri, akiwa chini ya tisho la mateso, kwamba Ibilisi alimpa mshipi ambao akiufunga anakuwa mbwamwitu na akiufungua anakuwa mtu. Mshipi ulitafutwa mahali alipodai kuutupa na haukuonekana, lakini hilo halikumwokoa. Mahakimu walihitaji mshipi kwa sababu mahakama haiwezi kumhukumu mtu aliyeangukiwa na kura, au aliyelaaniwa na mtakatifu. Mahakama inahitaji nia. Anayevaa kwa mkono wake ana hatia, na anayeweza kufungua akaacha kufungua ana hatia zaidi. Hadithi ya mwathirika ilikuwa imekwisha kuwa hadithi ya mhalifu, na watu halisi waliuawa kwa ajili yake.

Si wote waliokubali kanuni hiyo ya mahakama. Mwaka 1691 huko Livonia, kando ya Bahari ya Baltiki, mzee mmoja aitwaye Thiess, mwenye umri wa miaka 80 hivi, aliwaambia mahakimu bila kushurutishwa kwamba yeye ni mtu-mbwamwitu, na kwamba watu wa aina yake ni mbwa wa Mungu. Alisema kwamba katika usiku fulani wa mwaka wanashuka kuzimu kupigana na wachawi na kuwanyang'anya nafaka waliyoiba, na kwamba wasipofanya hivyo mwaka huo mavuno hayastawi. Mahakimu walimbana akiri kwamba ana mkataba na Ibilisi, akakataa katakata. Akahukumiwa kuchapwa viboko. Kwa mzee Thiess, kugeuka hakukuwa laana hata kidogo.

Baada ya yote hayo ndipo inapokuja sinema. Filamu ya Marekani ya mwaka 1935 ilimpa mtu-mbwamwitu jeraha la kung'atwa na mwanga wa mwezi. Ile ya mwaka 1941, iliyoandikwa na Curt Siodmak, iliongeza fedha: mhusika anamwua mbwamwitu kwa bakora yenye kichwa cha fedha, anang'atwa katika purukushani, na mwishoni baba yake mwenyewe anamwua kwa bakora ileile bila kumtambua. Shairi linalorudiwa ndani yake linasema kwamba hata mtu mwenye moyo safi anayesali usiku aweza kugeuka wakati wa mwezi wa majira ya kupukutika majani. Ni katika filamu iliyofuata, ya mwaka 1943, mstari huo ulipobadilishwa ili kutaja mwezi mpevu. Kuhusu mwezi niongeze kwamba mtunzi mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 13, Gervase wa Tilbury, aliwahi kuandika juu ya watu wanaogeuka kufuata mwezi, na mmoja wao aligeuka wakati wa mwezi mwandamo, si mpevu. Kwa hiyo mwezi haukukosekana kabisa zamani. Haukuwa tu kanuni ya wote.

Risasi ya fedha huhusishwa sana na mnyama wa Jevodani huko Ufaransa, aliyeua watu wengi kati ya 1764 na 1767 na ambaye inasemekana aliuawa na Jean Chastel. Chastel na bunduki yake wamo katika kumbukumbu. Fedha iliongezwa na waandishi wa baadaye.

Usidhani ninaidharau kanuni ya sinema. Siodmak alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya 1933, na aliandika kisa cha mtu mwema anayeharibiwa na jambo lisilochagua mema wala maovu, huku alama ya nyota ikimtokea anayefuata kufa. Kung'atwa kunafuta swali la hatia kabisa: mhusika hakula nyama ya mtu, hakuvunja nadhiri, hakufunga mshipi. Na kwa kuwa hakuna kosa, hakuna pia toba wala sharti la kurudi kwa kudumu. Kuna kuua tu, au kuuawa na anayekupenda. Ni kanuni yenye nguvu, ila inasema jambo la karne ya 20.

Kuhusu ugonjwa, mwenzako wa pili amechanganya mambo mawili. La kwanza ni dai kwamba hadithi zilitokana na maradhi fulani. Kichaa cha mbwa hutajwa sana kwa kuwa kinaenezwa kwa kuumwa, lakini umekwisha kuona kwamba kung'atwa hakukuwa msingi wa hadithi za kale, na kwa hiyo hoja hiyo inaeleza sinema badala ya asili. Mwaka 1964 daktari mmoja alipendekeza porifiria, ugonjwa wa damu unaofanya ngozi iharibiwe na jua. Nao haulingani na bwana wa Marie wala mzee Thiess, ambao hawana dalili yoyote ya ngozi. Wengine hutaja watu wanaoota nywele mwili mzima. Mtu kama huyo aliishi Ufaransa katika karne ileile ya kesi: Petrus Gonsalvus, mzaliwa wa Tenerife, aliyelelewa katika jumba la mfalme, akasomeshwa, akaoa na kupata watoto. Alitazamwa kama kioja, jambo la kusikitisha, lakini hakushtakiwa kwa kugeuka mbwamwitu.

Jambo la pili ni la kweli. Tangu zamani za Warumi matabibu walieleza hali ya mtu anayeamini kuwa amekuwa mbwamwitu na kuzurura makaburini usiku, na waliihesabu kuwa maradhi. Mwaka 1603 mahakama ya Bordo ilikabidhi nyumba ya watawa kijana Jean Grenier, aliyejidai mtu-mbwamwitu, badala ya kumchoma moto, kwa kuwa ilimwona ana upungufu wa akili. Leo madaktari bado hukutana, kwa nadra sana, na wagonjwa wanaoamini kwamba wamegeuka au wanageuka mnyama, na mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa wa akili au sonona kali inayoweza kutibiwa. Ikiwa mwenzako aliyasema hayo kwa sababu ana mtu nyumbani anayesema mwili wake unabadilika, anayesikia sauti, asiyelala au anayetishia kujidhuru, riwaya na makala hazitamsaidia. Apelekwe hospitali akaonane na daktari wa magonjwa ya akili, bila kufungwa, kupigwa wala kufanyiwa mzaha. Na kwa kuwa tumetaja kuumwa: yeyote aliyeng'atwa na mbwa au mnyama wa mwituni aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Turudi kwenye rasimu yako. Una njia mbili zenye heshima. Unaweza kubaki na kung'atwa, mwezi na fedha, ukahamisha kisa katika karne ya 20, ambapo mhusika asiye na hatia na asiye na njia ya kurudi ataeleweka vizuri. Au unaweza kubaki katika karne ya 12, na hiyo ndiyo ningekushauri, kwa kuwa umekwisha mpa mhusika wako mke, ardhi na mkuu wa kumtumikia. Ukichagua hivyo, futa tukio la kung'atwa na usiweke chanzo kingine mahali pake. Amua siku anazotoweka ziwe ngapi na ziangukie wapi katika juma, kwa sababu nyumba ya bwana ina karamu, misa na siku za hukumu ambazo kutokuwepo kwake kutasemwa. Amua mahali anapoficha nguo, pawe mahali ambapo mtu mwingine angeweza kupita. Kisha amua ni nani atakayeambiwa, na kwa nini mhusika wako, akijua hatari yote, atasema.

Kifo cha mwishoni utalazimika kukifikiria upya. Katika hadithi za zama hizo mbwamwitu hahitaji madini maalumu ili afe. Mkuki, mbwa na watu wenye hasira vinatosha, na msomaji ataogopa zaidi akijua hivyo. Kama kweli unataka afe, basi afe akiwa bado mnyama, mbele ya watu wanaomjua, nguo zake zikiwa mikononi mwa mtu ambaye angeweza kuzirudisha na hakufanya hivyo.